Ukuta Uliozeeshwa kwa Maneno

Binamu yangu, mwenye kijiduka cha kukaanga na kusaga kahawa katika Mji wa Kale wa Mombasa, alinijia mwezi uliopita na alama ya biashara yake aliyochorewa kwenye kompyuta, safi kama sahani isiyopata kuliwa: dele jeusi ndani ya duara jekundu, na chini yake maneno mawili, DELE JEUSI. Alitaka aione alama hiyo kana kwamba imechorwa kwa brashi juu ya ukuta wa chokaa, ikapigwa na jua na mvua za masika miaka thelathini, apate kuitia picha hiyo katika vifuko vya kahawa na, Mungu akijaalia, amwonyeshe fundi atakayeichora ukutani kweli. Duka lenyewe halijatimiza miaka minne, nami nilimtania kuwa anataka mvi kabla ya ndevu. Lakini kazi nikaikubali, kwa kuwa nina programu ya Stable Diffusion nyumbani, ile akili mnemba ichorayo picha kwa maneno.

Agizo langu la kwanza lilikuwa la mtu mvivu:

```
weathered vintage hand painted coffee shop sign, old wall, logo
```

Niliandika kwa Kiingereza kwa sababu picha ambazo mashine hiyo ilifundishwa nazo aghalabu ziliambatana na maelezo ya lugha hiyo. Ikaniletea ukuta uliojaa nyufa ndogondogo kutoka pembe hata pembe, zote za kadiri moja, na birika la mdomo mrefu mahali pa dele, na maandishi yasiyokuwa ya lugha yoyote. Binamu yangu akautazama kitambo, akasema, "Ndugu yangu, ukuta huu haukuzeeka, umejipaka majivu usoni."

Alisema kweli, na kosa lilikuwa langu. Maneno kama `weathered` na `vintage` ni sifa tupu, na katika picha zilizoifundisha mashine yamefungamana na vitu vya kila namna, pamoja na mabango mapya yaliyotiwa nyufa za kubuni kwa ajili ya urembo. Basi anayeitaja sifa hiyo peke yake hupewa wastani wa hayo yote, yaani uchakavu uliotandazwa sawasawa kama siagi juu ya mkate. Uchakavu wa kweli una mwelekeo, kwa sababu una sababu. Ukuta unaoelekea magharibi hupata jua la alasiri, na rangi yake hupauka na kuwa kama unga ukiipangusa kwa kidole, ilhali sehemu iliyositiriwa na bati la kukinga jua hubaki imekolea. Unyevu hupanda kutoka ardhini kupitia mawe ya matumbawe, ukaja na chumvi iibanduayo lipu upande wa chini. Na kutu huanza penye msumari, ikateremka kwa michirizi, wala haipandi kamwe.

Nikauacha msamiati wa sifa, nikataja mambo ya jua na chumvi na mahali pake, na alama yenyewe nisiitaje kabisa:

```
front view photo, lime-plastered coral stone wall, old Mombasa,
afternoon sun, tin awning casting shade across the top,
blank cream painted panel, strong colour in the shade,
bleached and chalky below it, salt stains and peeling near the ground
Negative prompt: text, letters, logo
```

Msomaji atauliza kwa nini yale niliyoyakataa nimeyaweka katika mstari wake mbali. Ni kwa sababu neno likitajwa ndani ya agizo lenyewe, hata likitanguliwa na kanusho, aghalabu huivuta mashine kukichora kitu kile kile. Iambie kusiwe na herufi, nayo itakuandikia herufi.

Safari hii nilipata ukuta ambao ungeweza kuwapo nyuma ya soko. Sababu ya kuutaka mtupu ni kwamba mashine hii haiwezi kuaminiwa na alama ya mtu. Maelezo ya maneno, hata yawe marefu namna gani, hayaizai upya nembo iliyokwisha kuchorwa. Huzaa ndugu yake tu. Na kwa herufi hali ni mbaya zaidi, maana programu hii haiifanyii kazi picha yenyewe bali muhtasari wake, ambao kila mraba wa nukta nane kwa nane umekunjwa kuwa kituo kimoja, hata herufi ndogo ikapotelea humo kama sindano katika jamvi. Kuna programu mpya zinazoandika vizuri zaidi, hasa maneno machache yakiwekwa ndani ya alama za kunukuu. Lakini mwenye biashara hataki herufi zinazokaribia jina lake.

Basi nembo nikaitia kwa mkono katika GIMP, nikaipindisha kidogo ifuate ukuta, nikaiwekea hali ya `Multiply`, ambayo huichanganya rangi ya juu na ya chini hata mikwaruzo ya ukuta ikaonekana kupitia rangi. Hapa kuna mtego mmoja: weusi kamili ukichanganywa hivyo na chochote hubaki weusi kamili, na dele letu likasimama ukutani kama tundu. Ilinilazimu kuugeuza weusi ule uwe kijivu kilichokolea ndipo ukuta uonekane ndani yake.

Kisha picha nzima nikairudisha kwa mashine ilainishe kingo ziwe za brashi. Hapo jambo zima limo katika kipimo kiitwacho `Denoising strength`, ambacho kikiwa 0 hakigeuzi kitu, na kikiwa 1 huisahau picha uliyoileta. Kwa 0.2 kingo zilibaki kali kama za karatasi iliyobandikwa, kwa 0.6 herufi S ikawa tarakimu 5 na dele likaota mkono wa pili, kwa 0.35 nikapata kingo zinazoyumba kidogo na herufi zote tisa salama. Mwenye kutaka kuipima kazi ya namna hii aufuate ufa mmoja kwa jicho: akiukuta unakoma kwenye ukingo wa herufi na kuendelea upande wa pili, ajue kwamba nembo imeelea juu ya ukuta, haikupakwa.

Wetu haukukoma. Tukampelekea picha mzee mmoja aliyechora mabango ya maduka maisha yake yote. Akavaa miwani, akaitazama, akasema, "Mwanangu, jua la kwenu halijui kazi yake." Tukastaajabu. Akatuonyesha: dele lilikuwa kijivu, limefifia, na duara jekundu linang'aa hata chini ya mahali kivuli cha bati kinapoishia. Rangi nyeusi, akasema, asili yake ni masizi, nayo hupoteza mng'ao tu. Nyekundu za bei nafuu ndizo zinazokimbia kwanza, zikawa waridi.

Nilirudi nyumbani nikiona haya, maana kijivu kile nilikitia mwenyewe ili kuukwepa mtego wa `Multiply`. Kuongeza maneno katika agizo hakukusaidia, kwa kuwa kwa kipimo kidogo kama kile mashine huziacha rangi karibu kama ilivyozikuta. Nikaligawa duara kwa mkono pale kivuli kinapoishia, juu likabaki jekundu na chini nikalififisha hata likawa waridi la vumbi. Dele nikalirudishia weusi, isipokuwa mikwaruzo michache niliyoifuta kwa ncha ya brashi ili chokaa ichungulie.

Mzee alipoletewa mara ya pili hakusifu wala hakulaumu. Aliuliza duara lile litakuwa la futi ngapi.