Duma wa Kuagiza: Jinsi ya Kupata Picha ya Mnyama Pori kwa Akili Unde

Andika kwenye programu ya akili unde kwamba unataka "duma mzuri sana, picha ya ubora wa juu", na mara nyingi utaletewa paka mkubwa mwenye manyoya yanayong'aa kama plastiki, macho makubwa kupita kiasi, pengine na madoa ya chui mgongoni. Programu haikukosea kukusikiliza. Midjourney, Stable Diffusion na wenzao wamefunzwa kwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maneno. Neno "nzuri" huambatana na picha za kila namna, kwa hiyo halielekezi popote. Kinachosaidia ni kueleza picha kana kwamba mpiga picha amekwisha kuipiga: mnyama yupi, amekaaje, jua liko upande gani, lenzi ni ipi.

Anza na mnyama mwenyewe. Duma ana madoa meusi yaliyojaa; chui ana madoa yaliyojipanga mviringo yakiacha uwazi katikati. Duma pia ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka pembe za ndani za macho hadi mdomoni. Usipoitaja, inaweza kukatika njiani au kukosekana kabisa.

Manyoya nayo yaelezwe kwa sehemu. Ya duma ni mafupi na magumu kidogo, marefu zaidi kisogoni. Ukitaja ufupi huo na vumbi la mbugani, unyoya mmoja mmoja huanza kuonekana. Ukirundika maneno ya kusifu ukali wa picha, ngozi huwa ngumu na kila unyoya hung'aa sawa na mwenzake, jambo ambalo kamera halisi haifanyi.

Lakini manyoya huonekana kwa sababu ya mwanga. Jua la asubuhi likitokea ubavuni, kila unyoya hutupa kivuli kidogo, na hapo ndipo umbile lake hujitokeza. Jua la saa sita mchana hutia giza kwenye vishimo vya macho. Kwa hiyo agiza jua la chini, na utaje upande linakotoka.

Kuhusu macho, omba vitu viwili pamoja: mnyama atazame lenzi, na kamera iwe usawa wa macho yake. Kamera ikiwa juu, hata duma anayekutazama huonekana mdogo na mnyonge. Taja pia mboni za mviringo, kwa sababu programu huweza kumpa mboni nyembamba za wima za paka wa nyumbani.

Ukungu laini wa nyuma huletwa na lugha ya lenzi. Kwenye kamera halisi yenye kihisi kikubwa, lenzi ya 400mm iliyofunguliwa f/2.8, mnyama akiwa mita 20, huacha takriban sentimita 40 tu zikiwa kali: kichwa na mabega. Programu haipigi hesabu hiyo. Namba huisogeza tu karibu na picha zilizowahi kuelezwa hivyo. Ndiyo maana inafaa pia kusema kwamba migunga iko mbali.

Kwa kuwa programu nyingi huelewa Kiingereza vizuri zaidi, agizo kamili la Midjourney kwa duma aliyekaa juu ya kichuguu laweza kuwa hivi:

```
cheetah on a termite mound, head and shoulders,
eye level, looking into the lens, round pupils,
black tear lines from eyes to mouth, solid spots,
short coarse dusty fur, low morning sun from left,
400mm f/2.8, distant acacias softly blurred
--ar 4:5 --style raw
```

Picha ikija, ikuze uikague. Nukta ya mwanga ndani ya macho yote mawili iwe upande ule ule wa jua. Ukiona umbo la dirisha, huo ni mwanga wa studio. Tazama ukingo wa masikio na masharubu: ukungu wa nyuma ukiyameza, au ukiacha utepe mkali kuyazunguka, picha imeharibika. Nyasi zinazogusa kifua ziwe kali kama kifua chenyewe. Ukipata kosa, badilisha neno moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi lililoponya. Jicho moja likiharibika, chagua eneo hilo pekee lichorwe upya.

Hata ikitoka safi, duma huyo hajawahi kuishi. Kwenye bango au kitabu cha hadithi hana ubaya. Ukimweka kwenye tangazo la safari ya Serengeti bila kusema ametengenezwa, unamuuzia mgeni kitu ambacho hakikuonekana na mtu yeyote. Andika chini ya picha kwamba imetengenezwa kwa akili unde.