Insha ya Picha Ina Maneno Mangapi?

Katika karatasi ya insha ya KCSE, sharti ni kwamba kila insha isipungue maneno 400. Mwalimu anayetumiwa picha za kurasa kwa simu anaweza kulipima bila kuhesabu neno kwa neno.

Chagua mistari mitano iliyojaa, katikati ya ukurasa. Tuseme ina maneno 9, 8, 10, 8 na 9. Jumla ni 44, yaani wastani wa 8.8. Sasa hesabu mistari yote: picha ya kwanza 26, ya pili 19. Sita kati ya hiyo 45 ni vifundo vya aya, mistari mifupi. Ihesabu kama mitatu. Inabaki 42, na 42 × 8.8 ni takriban 370.

Kabla ya kukata alama, kagua picha. Mstari wa chini huenda umekatwa, au umerudiwa juu ya picha inayofuata. Maneno yaliyofutwa hayahesabiwi. Na 370 iko karibu mno na 400: hapo hesabu neno kwa neno.