Kulipia Wingu Usilolitumia

Mwaka 2017 kampuni ya Snap, wenye Snapchat, ilipokuwa inajiandaa kuuza hisa kwa umma Marekani, ililazimika kuanika mikataba yake mikubwa. Ikajulikana kwamba imeahidi kununua huduma za wingu za Google, yaani kukodi kompyuta na hifadhi zilizo mbali, kwa dola milioni 400 kila mwaka kwa miaka 5. Ikitumia pungufu, inalipa pengo. Katika miaka 4 ya kwanza, hadi asilimia 15 ya kiasi hicho iliweza kusogezwa mwaka wa mbele.

Mkataba wake na Amazon naona ulipangwa vizuri zaidi. Kiwango cha chini kilianzia dola milioni 50 mwaka 2017, kikapanda kila mwaka hadi milioni 350 mwaka 2021. Pengo lililolipwa lingeweza kununulia huduma baadaye, ila lisingehesabiwa katika kutimiza ahadi za miaka inayofuata. Sentensi hiyo fupi ina uzito mkubwa: fedha haipotei, lakini deni la mwaka ujao linabaki palepale.

Sasa tuchukue mfano wa kampuni ndogo ambayo matumizi yake ya mwaka, kwa bei ya kawaida, ni dola 120,000. Muuzaji ana ngazi mbili: ukiahidi 100,000 unapata punguzo la asilimia 10, ukiahidi 150,000 unapata asilimia 15. Kwa ngazi ya chini bili inakuwa 108,000, na ahadi imetimia. Kwa ngazi ya juu bili inashuka hadi 102,000, lakini kampuni italipa 150,000 kwa sababu ndicho kiwango ilichoahidi. Punguzo kubwa limeigharimu dola 42,000 zaidi.

Hesabu ya 108,000 nayo inasimama tu ikiwa matumizi yaliyovuka ahadi yanabaki na punguzo. Mkataba ukisema ziada inatozwa bei ya kawaida, bili inapanda kidogo, na kampuni inayokua haraka itaumia zaidi. Kipengele hiki kitafutwe kabla ya kusaini. Kuna pia ahadi zinazopimwa kwa saa, kama mipango ya Amazon ya mwaka 1 au 3: saa ya usiku isiyotumika haifidiwi na msongamano wa mchana.

Kwenye mazungumzo watu hung'ang'ania asilimia ya punguzo, ilhali penye nafasi zaidi ni mpaka wa ngazi. Kampuni yetu inaweza kuomba ngazi ipimwe kwa jumla ya miaka 3, na ahadi ipande kwa hatua: 95,000, kisha 115,000, kisha 140,000. Jumla ni 350,000, wastani wa karibu 117,000 kwa mwaka, na kwa jumla hiyo inaweza kudai punguzo la asilimia 12 au 13. Iombe pia pengo la mwaka lisogezwe mbele na lihesabiwe kwenye ahadi, tofauti na ilivyokuwa kwa Snap na Amazon. Haya yote yaombwe kabla ya kusaini, muuzaji akiwa bado anaitafuta sahihi.