Kabla Maziwa Hayajaingia Kibuyuni

Katika boma la mfugaji wa Kericho au Bomet, chai haina shida. Maziwa yake huchemka pamoja na maji na majani, na vijidudu hufia humo sufuriani. Shida iko kwenye mursik, na kwenye kikombe anachopewa mtoto kikiwa bado na joto la kiwele.

Tuseme familia ina ng'ombe wawili. Mwaka jana mmoja alitupa mimba ya miezi saba. Safari hii amezaa salama, na maziwa yake ni mengi na hayana harufu yoyote. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Ng'ombe mwenye brusela mara nyingi hutupa mimba mara moja tu, kisha huzaa kama kawaida huku vijidudu vikiendelea kutoka kwenye maziwa. Kifua kikuu nacho huweza kukaa mwilini mwa ng'ombe muda mrefu bila yeye kukonda wala kukohoa.

Wazee watakwambia mkaa wa senetwet unaopakwa ndani ya kibuyu, pamoja na ule uchachu, humaliza kila kitu. Sikubaliani nao. Mkaa hutia ladha na rangi. Uchachu huidhoofisha brusela, lakini inaweza kuhimili siku kadhaa, na bakteria wa kifua kikuu ni sugu zaidi. Ila jibu limo katika utengenezaji wa mursik wenyewe: Wakipsigis wengi huchemsha maziwa, huyaacha yapoe, ndipo huyamimina kibuyuni. Nayo huganda vizuri, maana bakteria wa kuchachusha wanaishi katika kibuyu. Mambo huharibika pale mtu anapoongezea maziwa mabichi ya asubuhi juu ya yale yaliyochemshwa.

Kwa hiyo tunapoambiwa tuchemshe maziwa "kila mara", maana yake ni kila mkamuo, si kila kikombe. Kuni zinatumika mara moja. Kwenye miinuko ya Kericho maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na joto hilo latosha, maana kiwanda cha maziwa hutosheka na nyuzi 72 kwa sekunde 15. Povu tu lisikuhadae: koroga, yaache yapande tena, kisha funika. Kikombe kilichopimiwa maziwa mabichi kisirudi kwenye yaliyochemshwa.

Mtu akipata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo, amweleze daktari kuwa hunywa maziwa mabichi. Brusela hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja, kwa kawaida wiki sita, na anayeacha katikati huugua tena. Kifua kikuu cha maziwa hupenda tezi za shingo na tumbo, hivyo kipimo cha makohozi kinaweza kisionyeshe kitu. Tena pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu, haikiwezi hiki cha maziwa.

Kuna njia moja ya kuambukizwa brusela ambayo sufuria haiizibi: mkono mtupu unaovuta ndama aliyekufa au kondo la nyuma. Vaa glavu, zika mbali na kisima, shimo liwe refu mbwa wasifukue, kisha mwite daktari wa mifugo aje kupima damu ya ng'ombe wote, hata walionona.