Lubumbashi: «Vizuri» ni sifa au ni kielezi? Sentensi moja, majibu mawili

Katika masomo ya Kiswahili mjini Lubumbashi, kuna zoezi linalojulikana sana. Mwanafunzi anapewa orodha ya maneno, kisha anatakiwa kusema lipi ni jina, lipi ni kitenzi, lipi ni kivumishi (neno la sifa) na lipi ni kielezi, yaani neno linaloeleza namna ya tendo. Orodha ikiwa na neno «vizuri» peke yake, mwanafunzi anaweza kukosa alama bila kosa lolote.

Sentensi hii inaonyesha tatizo: «Fundi ametengeneza viatu vizuri.» Inaweza kumaanisha kwamba viatu vyenyewe ni vya kupendeza. Inaweza pia kumaanisha kwamba viatu vilikuwa vimepasuka, na fundi amefanya kazi safi, hata kama bado ni vikuukuu. Katika maana ya kwanza «vizuri» ni kivumishi cha viatu. Katika maana ya pili ni kielezi cha tendo la kutengeneza. Herufi hazibadiliki hata moja.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kubadilisha jina. Weka «meza» mahali pa «viatu». Aliyekuwa na maana ya kwanza atasema «Fundi ametengeneza meza nzuri», kwa sababu kivumishi hufuata jina lake. Mwenye maana ya pili atasema «Fundi ametengeneza meza vizuri», kwa sababu kielezi hakifuati jina lolote. Ile «vi-» ya mwanzo kumbe ilikuwa na kazi mbili: mara inapatana na viatu, mara inaonyesha namna tu.

Lakini kwa mtoto wa Katuba au Kamalondo, njia hiyo haisaidii siku zote. Nyumbani na sokoni watu wengi husema «muzuri» kwa yote mawili: «kiatu muzuri», «meza muzuri», na pia «anatengeneza muzuri». Jambo hili si geni. Edgar Polomé, mtaalamu wa lugha aliyefundisha katika mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, alichapisha makala kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na kupungua kwa upatanisho wa maneno ni moja ya mambo yanayojulikana ya Kiswahili hicho.

Hapo mzungumzaji ana njia nyingine: kuhamisha jina. Akisema «Iyi meza, fundi alitengeneza muzuri», meza imekwenda mbele na «muzuri» imebaki na tendo. Ni kielezi. Akisema «Iyi meza iko muzuri», hakuna tendo la fundi tena, bali meza inasifiwa. Ni sifa. Umbo halisemi kitu, ila mahali pa neno panasema.

Neno «haraka» lina tabia kama hiyo, na halina hata kiambishi cha kubadilisha. Katika methali «Haraka haraka haina baraka», kitenzi «haina» kinapatana nalo, kwa hiyo ni jina. Katika «Njoo haraka», linaeleza namna ya kuja, kwa hiyo ni kielezi.

Neno gumu zaidi ni lile linaloanza na «ku-». Katika «Mtoto anataka kusoma», wengi watasema kitenzi bila kusita. Katika «Kusoma kwake kunatufurahisha», limepata «kwake», na kitenzi kinapatana nalo kwa «ku-», kama inavyokuwa kwa jina lolote. Ni jina.

Sasa tazama: «Kusoma vitabu usiku kunamchosha.» Kwa nje, «kusoma» bado ni jina, maana ndilo linalomchosha mtoto na «kunamchosha» inalifuata. Kwa ndani linafanya kazi ya kitenzi: lina kitu kinachosomwa, vitabu, na lina wakati, usiku. Mwanafunzi anayejibu «jina» ameona upande mmoja, na anayejibu «kitenzi» ameona mwingine. Kumpa mmoja sufuri ni kumwadhibu kwa kuona nusu ya kweli. Swali zuri lingeuliza: «kusoma» linafanya kazi gani mbele ya «kunamchosha», na kazi gani mbele ya «vitabu»?

Kwa hiyo mzazi anayeangalia daftari la mtoto jioni anaweza kuanza na jambo moja: je, swali lilitoa sentensi nzima? Kama lilitoa neno tupu, «vizuri», «haraka» au «kusoma», alama iliyokatwa inafaa kujadiliwa na mwalimu. Kama sentensi ipo, mtoto abadilishe jina, kisha alihamishe, atazame ni nini kinageuka. Kwa «Fundi ametengeneza viatu vizuri», hata hivyo, majibu mawili yatabaki sahihi mpaka mtu aseme kama viatu vilikuwa vipya au vilikuwa vimepasuka.