Kabla ya Rangi, Kitikise Kiti

Wengi wanaonunua kiti cha mtumba ili wakiuze tena hukimbilia kopo la rangi. Shika kwanza mgongo wa kiti, ukitikise. Kikiyumba, gundi ya zamani imeachia kwenye kiungio. Usipige msumari; mara nyingi hupasua ulimi wa mbao, na kiti kitarudia kuyumba.

Gonga kiungio polepole hadi kichomoke. Kwangua gundi kuukuu kwa patasi mpaka uone mbao tupu, maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Paka gundi nyeupe ya mbao, rudishia, kisha zungusha kamba miguuni na uisokote kwa kijiti hadi gundi kidogo ichuruzike. Ifute, ukiache kiti hadi kesho yake.

Ndipo uchukue msasa: namba 80 kuondoa vanishi inayobanduka, halafu 120 kulainisha. Fuata nyuzi za mbao. Mikwaruzo inayozikata huonekana hata baada ya kupaka. Futa vumbi lote.

Na kama mbao ni mninga, tafadhali usiifunike kwa rangi. Ipake vanishi angavu, mnunuzi aone anacholipia.