Pilau ya Mchana Ipostiwe Saa Ngapi?

Mama lishe wa Posta, Dar es Salaam, anayepeleka chakula maofisini kwa bodaboda, mara nyingi huposti picha ya pilau inapoiva, yaani saa sita mchana. Picha inapendwa, lakini oda haziji, kwa kuwa wateja wameshaagiza kwingine au wako mezani wanakula.

Instagram humwonyesha mwenye akaunti ya biashara saa ambazo wafuasi wake wamo mtandaoni, mradi wafike angalau 100. Anafungua Insights, anagusa Total followers, kisha anashuka hadi Most active times. Hapo atakuta nguzo za kila siku ya wiki, zimepangwa kwa saa za kizungu: 9a ni saa tatu asubuhi, 12p ni saa sita mchana, 9p ni saa tatu usiku.

Wengi huikimbilia nguzo ndefu kuliko zote. Tuseme wafuasi ni 800, na nguzo zinasoma hivi: 6a watu 310, 9a watu 260, 12p watu 330, 9p watu 520. Nguzo hizo zinahesabu waliofungua Instagram tu, haziulizi nani ana njaa. Kwa hiyo mama lishe aanzie jikoni kwake. Kama bodaboda inaondoka saa sita kasoro robo, oda zinafungwa saa tano na nusu, na nguzo ya 12p haimfai hata ingekuwa ndefu namna gani. Zinabaki mbili za asubuhi. Ya 6a imeizidi ya 9a, lakini saa moja mtu yuko kwenye mwendokasi na hata chai hajanywa. Mimi ningechagua 9a.

Tatizo ni kwamba nguzo hiyo inabeba saa tatu nzima. Ili kujua dakika inayouza, aposti wiki moja saa tatu na nusu, wiki inayofuata saa nne na nusu, na kupokezanisha hivyo kwa mwezi mzima. Akijaribu saa moja mwanzoni mwa mwezi na nyingine mwisho wa mwezi tu, atakuwa anapima mishahara ya watu. Chakula na bei visibadilike. Anayeagiza aulizwe ameona wapi, na zihesabiwe sahani zilizouzwa, si mioyo iliyobonyezwa. Ijumaa ihesabiwe peke yake kwa sababu ya swala, na takwimu za Ramadhani zisichanganywe na za miezi mingine.

Aangalie pia miji wanakoishi wafuasi. Walioko Mwanza wanarefusha nguzo, lakini sahani ya Posta haiwafikii.

Wale 520 wa usiku nao wana kazi yao. Menyu ya kesho ikiwekwa kwenye Stories saa tatu usiku hukaa saa 24, hivyo asubuhi mtu akifika ofisini bado ataikuta, na oda hazijafungwa.